Matone Mawili, Nusu ya Uso: Namna ya Kujaribu Jojoba, Skwaleni na Rozihipu Kabla Hayajakuachia Madoa

Mpwa wangu alinijia dukani Jumamosi moja ya Julai, kofia ya sufu imevutwa hadi kwenye nyusi, nami nikajua kabla hajafungua kinywa kwamba si baridi peke yake anayoikimbia. "Shangazi, niangalie," akasema, akaivua. Paji la uso lilikuwa limejaa vipele vidogo vilivyojipanga kufuata mstari wa nywele, na kwenye taya kulikuwa na vingine vigumu, visivyo na kichwa. Mashavu yenyewe yalikuwa yamepauka na kubanduka ngozi.

Alikuwa amenunua mafuta ya rozihipu mjini, chupa nzuri ya kioo cheupe, akawa anajipaka asubuhi na usiku kwa wiki tatu, kiganja kizima. Vipele vilipoanza alirudi kwa muuzaji akaambiwa, "Ngozi inatoa uchafu, vumilia kidogo." Akavumilia.

Nauza dawa nyuma ya kaunta huku Eastlands, Nairobi, kwa miaka kumi na kitu, na kila mwaka baridi ya Juni hadi Agosti ikiingia, haya mafuta ya uso yanaulizwa kuliko dawa ya mafua. Wapo wanaofaidika nayo sana. Wapo pia wanaotoka vipele. Kwa ngozi zetu kipele si shida ya wiki moja, kwa sababu kikipona kinaacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi. Ndiyo maana nasisitiza kujaribu polepole. Nitaeleza hatua nilizompitisha mpwa wangu, na pale zinapotofautiana na mtu mwingine nitasema.

Acha kila kitu kwanza

Huwezi kujua mafuta yanafanya nini kwenye uso uliokwisha kuvurugika. Nilimwambia aache rozihipu, aoshe uso mara mbili kwa siku kwa sabuni laini isiyo na harufu, ajipake losheni nyepesi ya maji yenye glisirini, na mchana aongeze sanskrini. Basi. Wiki tatu hivyo.

Halafu nikamuuliza swali ambalo hakulitarajia: nywele unapaka nini? Alikuwa amesuka, na kila usiku alipaka mafuta mazito ya nywele kwenye mistari ya kichwa, kisha analala. Mafuta hayo yanashuka polepole hadi kwenye paji. Madaktari wa ngozi walishaandika kuhusu vipele vya namna hii tangu mwaka 1970, na dalili yake kubwa ni ule mpangilio wa kufuata mstari wa nywele na pembeni mwa uso. Akahamisha mafuta ya nywele yakaanzia vidole viwili nyuma ya mstari wa nywele, na akaanza kulala amefunga kitambaa kinachofuliwa. Baada ya zile wiki tatu paji lilikuwa limeanza kutulia. Kwa hiyo nusu ya lawama alizoibebesha rozihipu haikuwa yake. Nusu nyingine ilikuwa bado hatuijui.

Uliza pia kuhusu krimu za kung'arisha. Mtu akiacha krimu yenye steroidi aliyoitumia miezi mingi, uso unaweza kulipuka wenyewe, uwake na kutoka vipele, na kama wiki hiyohiyo alianza mafuta mapya, mafuta ndiyo yatakayolaumiwa. Huyo hahitaji mafuta yoyote kwa sasa, anahitaji daktari wa ngozi.

Jua uso wako unakosa nini

Osha uso jioni, ufute, usipake chochote kwa saa moja. Kisha bandika karatasi ya shashi kwenye paji, pua na mashavu. Karatasi ikitoka kavu kila mahali na ngozi inavuta, uso wako unakosa mafuta, na wewe ndiye hasa mafuta haya yalitengenezewa. Wengi wa kundi hili ni watu waliovuka miaka arobaini au hamsini, kwa sababu ngozi hupunguza kutengeneza mafuta yake, na wale wanaotumia dawa za chunusi zinazokausha kama tretinoini.

Karatasi ikiloa kwenye paji na pua huku mashavu yanabanduka, kama ilivyokuwa kwa mpwa wangu, kinachokosekana mara nyingi ni maji. Hapa ndipo watu wengi wa Nairobi hukosea. Hewa ya huku juu ni kavu, mji uko karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na uso ukipauka tunakimbilia mafuta. Lakini mafuta hayana maji ndani yake hata tone. Kazi yake ni kulainisha na kupunguza maji yanayotoka. Ukiyapaka juu ya ngozi kavu kabisa, utang'aa na bado utavutika. Ndiyo maana losheni yenye glisirini inatangulia, na mafuta yanafuata uso ukiwa bado na unyevu.

Uso ukiloa karatasi nzima na una chunusi hai, mimi sikuuzii mafuta. Si kwamba ni mwiko. Ni kwamba huna pengo ambalo mafuta yatalijaza, na hatari ya madoa unayo.

Chupa tatu, tabia tatu

Zinauzwa rafu moja kana kwamba ni ndugu, kumbe hazifanani.

Jojoba, ambayo wenye nayo huko Meksiko huiita "hohoba", kwa hakika si mafuta bali ni nta iliyo majimaji. Nta za aina hiyo ziko pia kwenye mafuta yanayotoka kwenye vinyweleo vyetu, kiasi cha robo hivi, na ndiyo sababu inakaa usoni bila kuhisi imebandikwa. Haiharibiki upesi. Ina jaribio moja zuri la nyumbani: weka kijiko chake kwenye friji usiku kucha. Jojoba huanza kuganda kwenye nyuzi kama 10 hivi, kwa hiyo asubuhi inapaswa kuwa imeganda au imekuwa nzito yenye ukungu. Ikiwa bado inamwagika kama maji, shuku kwamba imechanganywa na mafuta ya alizeti au mengineyo. Usifanye jaribio hilo kwa skwaleni, maana yenyewe haigandi friji wala barafuni.

Skwaleni ndiyo nyepesi kuliko zote, haina rangi wala harufu. Angalia herufi kwenye chupa, kwa sababu kuna majina mawili ya Kiingereza yanayotofautiana kwa herufi moja tu: "squalane" yenye "a" kabla ya "n" ndiyo skwaleni tunayoitaka, "squalene" yenye "e" mahali hapo ni skwalini, kitu ambacho ngozi yetu inakitengeneza yenyewe. Skwalini ikikutana na hewa na jua huoza, na ikishaoza ni mojawapo ya vitu vinavyoziba vinyweleo. Skwaleni ni hiyohiyo iliyoongezewa haidrojeni kiwandani ili isioze tena. Siku hizi nyingi inatoka kwenye miwa au zeituni. Zamani ilitoka kwenye maini ya papa, na bado ipo ya namna hiyo, kwa hiyo kama jambo hilo linakugusa tafuta chupa iliyoandikwa ni ya mimea.

Rozihipu ndiyo yenye makeke. Inakamuliwa kutoka kwenye mbegu za tunda la waridi mwitu, na jina la kuangalia kwenye orodha ya viungo ni *Rosa canina* au *Rosa rubiginosa*. Isichanganywe na mafuta ya waridi yenye manukato, ambayo ni kitu kingine kabisa na yanaweza kuwasha uso. Rozihipu ambayo haijasafishwa sana ina rangi ya machungwa na harufu ya udongo au ya njugu. Sehemu kubwa yake, kama robo tatu au zaidi, ni asidi mbili za mafuta, linoleiki na linoleniki, ambazo ni nyepesi na nzuri kwa ngozi lakini zinaharibika haraka zikipata mwanga, joto na hewa. Harufu ikigeuka kuwa ya rangi ya ukutani, ya kalamu za nta za watoto au ya samaki wa juzi, mafuta hayo yamekwisha. Mafuta yaliyoharibika yanawasha na yanaweza kuamsha vipele kwa mtu ambaye mabichi yasingemfanya kitu.

Nikainusa ile chupa ya mpwa wangu. Kioo cheupe, imekaa kwenye rafu ya dukani mbele ya dirisha nani ajuaye muda gani, na sasa ilinuka kama duka la rangi. Tuliitupa. Tulipokuja kuijaribu rozihipu tena tulitumia mpya, chupa ya kioo cheusi, ikakaa kwenye friji.

Neno moja kuhusu zile alama za sifuri hadi tano zinazozunguka kwenye simu, zinazosema mafuta fulani yanaziba vinyweleo kiasi gani. Asili yake ni majaribio kwenye masikio ya sungura miaka ya 1970 na 1980, na sikio la sungura huziba upesi kuliko uso wa binadamu. Zitumie kukuepusha na mafuta ya nazi na siagi ya kakao usoni kama una chunusi, lakini kati ya chupa hizi tatu hazitakuamulia.

Mkono haukuambii habari za chunusi

Kila mtu anajua kujaribu kitu kwenye mkono. Fanya hivyo: tone moja ndani ya kiwiko, asubuhi na usiku, siku saba. Pakiwasha, pakivimba au pakitoka upele, acha. Lakini elewa jaribio hilo linajibu swali gani. Linakuambia kama ngozi yako inayakataa mafuta hayo kwa mzio au mwasho. Kuhusu chunusi halisemi kitu, kwa sababu ndani ya kiwiko hakuna vinyweleo vya mafuta vya aina iliyo usoni.

Na chunusi haianzi siku unayoiona. Kinyweleo huanza kuziba ndani kwa ndani, kikakaa wiki kadhaa kabla hakijainuka. Ukipaka mafuta Jumatatu ukatoka kipele Jumatano, karibu hakika kipele hicho kilikuwa njiani. Ukipaka siku kumi ukawa salama ukawaambia marafiki umepata dawa, umesema mapema mno. Jaribio la chunusi linataka wiki sita, na linafanyika usoni.

Kwa hiyo tumia nusu ya uso. Nusu moja ipate losheni pekee, nusu nyingine ipate losheni na mafuta. Hapo ukitoka vipele pande zote sawasawa, utajua ni hedhi, ni kukosa usingizi, ni kitu kingine. Mafuta hayawezi kuvuka pua.

Usiku, baada ya kuosha, paka losheni uso mzima. Kabla haijakauka, dondosha matone mawili kwenye vidole, sugua vidole kidogo, kisha bonyeza juu ya shavu na taya ya upande mmoja. Usisugue uso. Acha paji, maana huko mafuta ya nywele yatakuchanganya. Matone mawili yataonekana machache. Kwa nusu ya uso yanatosha. Mchana usiyapake, hayazuii jua, na yakiwa chini ya sanskrini yanaweza kuifanya iteleze isikae sawasawa. Kwa wiki sita utatumia matone 84, yaani mililita nne hivi, kwa hiyo chupa ya mililita 10 inatosha kabisa. Anayekulazimisha ya 30 kwa jaribio anajaribu mfuko wako.

Usianze kitu kingine chochote kipya wiki hizo. Kila Jumapili asubuhi simama dirishani palepale, piga picha kila upande, hesabu vipele kwa ncha ya kidole na uandike. Hesabu hata vile visivyoonekana vizuri lakini vinaguswa chini ya ngozi kama punje za mchele, kwa sababu ndivyo vinavyotangulia.

Daftari la mpwa wangu

Alianza na skwaleni wiki ya kwanza ya Agosti, upande wa kulia. Jumapili ya kwanza kulia kulikuwa na vipele 7 na kushoto 6. Wiki ya tatu kulia 6, kushoto 6. Wiki ya sita kulia 4, kushoto 5. Alinipigia simu kwa furaha kwamba skwaleni inatibu chunusi. Nikamwambia, mwanangu, tofauti ya kipele kimoja si kitu; pande zote mbili zilikuwa zinapona zenyewe. Ulichokipata ni kwamba haikudhuru. Faida yake ilikuwa kwingine: shavu la kulia liliacha kubanduka wiki ya pili, la kushoto likaendelea hadi baridi ilipopungua.

Mwisho wa Septemba tukaingia kwenye rozihipu mpya, sasa upande wa kushoto, kulia kukibaki na skwaleni yake. Kwenye karatasi, rozihipu ndiyo ingemfaa zaidi. Imeshaonekana kwamba mafuta ya uso wa watu wenye chunusi huwa na upungufu wa asidi ya linoleiki, na rozihipu imejaa linoleiki. Wapo ambao mambo huwa hivyo kweli. Lakini kushoto kulipanda kutoka 5 hadi 6 wiki ya pili, 9 wiki ya tatu, 13 wiki ya nne, vingi vikiwa vile vigumu vya chini ya ngozi kwenye taya. Kulia kulibaki 4. Hatukungoja wiki ya sita. Mwelekeo ukishakuwa wazi wiki mbili mfululizo upande mmoja tu, acha, usiongeze madoa kwa ajili ya daftari.

Na lile neno la kwamba ngozi inatoa uchafu? Kuna dawa zinazoweza kuleta vipele mwanzoni, kama tretinoini, kwa sababu zinaharakisha ngozi kujibadilisha na kile kilichofichika kinatoka mapema. Rozihipu haina nguvu hiyo. Inasifiwa kuwa na asidi ya familia ya vitamini A, lakini kilichomo ni chembe ndogo mno kufanya kazi ya dawa. Mafuta yakikutoa vipele, yamekutoa vipele.

Jojoba hatukuijaribu. Alikuwa ameshapata kinachomfaa, na mimi sioni sababu ya mtu kuzunguka rafu nzima kwa ajili ya kukamilisha orodha. Kama skwaleni ingemshinda, jojoba ndiyo ingefuata.

Pale jaribio linapokwama

Kuna vipele ambavyo havifuati hesabu hii. Vikiwa vinawasha, vyote vya ukubwa mmoja, vimetapakaa kwenye paji, kifua au mgongo, na hakuna hata kimoja chenye kichwa cheusi, huenda ni fangasi aina ya hamira wanaoishi kwenye vinyweleo. Hao hula asidi za mafuta, na rozihipu ni chakula chao. Skwaleni haina asidi hizo, kwa hiyo haiwalishi, lakini pia haiwaui. Hapo kinachohitajika ni dawa ya fangasi, na dawa za kawaida za chunusi hazitasaidia. Antibiotiki hata zinaweza kuzidisha. Mwone daktari kabla ya kununua chupa nyingine.

Kingine ni chupa zilizoandikwa "jojoba" kwa herufi kubwa mbele, kumbe nyuma ukisoma, kiungo cha kwanza ni mafuta ya nazi au ya madini na jojoba ni ya sita. Viungo huandikwa kuanzia kilicho kingi. Jaribu mafuta yenye kiungo kimoja, au kiwe na vitamini E pekee, ambayo huwekwa kuyazuia yasiharibike. Vinginevyo ukitoka vipele hutajua ni nani wa kushtakiwa.

Na ukifaulu jaribio, usiongeze dozi. Uso mzima ni matone matatu hadi manne usiku, na msimu wa mvua wa Aprili unaweza kuacha kabisa kama ngozi haivutiki. Mpango wa mpwa wangu ni kuanza skwaleni mwishoni mwa Mei na kuisimamisha Septemba, kisha kuirudia Januari na Februari kukiwa kukavu.

Ile rozihipu haikupotea. Aliifungua tarehe 14 Septemba, siku alipoanza jaribio la kiwikoni, nami niliandika tarehe hiyo kwenye plasta nikaibandika chupani. Sasa anayo mama yangu, mwenye miaka sabini na kitu na uso usioloanisha shashi hata kidogo. Anapaka matone matatu juu ya losheni yake usiku, ngozi imelainika na hajatoka hata kipele. Ninachogombana naye ni kitu kimoja tu: hataki kusikia kwamba mwisho wa Machi, miezi sita na kitu tangu ifunguliwe, chupa itatupwa, hata ikiwa imebaki nusu.